Nusu-uhai Unaosinyaa: Amonia Juu ya Waya wa Moto

Tia gesi ya amonia ndani ya chupa ya kioo iliyonyonywa hewa yote. Katikati ya chupa umepita waya mwembamba wa tungsteni, metali ileile iliyokuwa ikiwaka ndani ya globu za zamani. Pitisha umeme kwenye waya mpaka ufike nyuzi 1100 hivi za Selsiasi. Amonia inayougusa itavunjika: kila molekuli mbili zitatoa molekuli moja ya naitrojeni na tatu za haidrojeni. Sasa shika saa na uulize: zitapita dakika ngapi hadi nusu ya amonia uliyoanza nayo iwe imekwisha?

Jibu limo katika vitabu vingi vya kemia, na kwa mara ya kwanza linashangaza. Ukianza na shinikizo la amonia la milimita 265 za zebaki, kipimo kilekile anachotumia daktari kwa shinikizo la damu, nusu inakwisha kwa dakika 7.6. Ukianza na milimita 130, nusu inakwisha kwa dakika 3.7. Ukianza na 58, ni dakika 1.7 tu. Waya ni uleule na joto ni lilelile. Kilichopungua ni gesi, na muda wa kuimaliza nusu yake umepungua kwa kiasi hichohicho.

Wengi wetu tulikutana na nusu-uhai darasani kupitia mionzi, na hapo ndipo tulipozoea kuamini kwamba nusu-uhai ni tabia ya kitu chenyewe, haubadiliki. Iodini-131, inayotumika hospitalini kutibu tezi la shingoni, hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8. Uwe na chembe yake au uwe na chupa nzima, ni siku 8. Sababu ni kwamba kila atomu inaoza kwa wakati wake bila kuzijali nyingine: zikiwa nyingi, zinazooza kwa saa ni nyingi, zikiwa chache, zinazooza ni chache. Idadi na kasi vinashuka pamoja, kwa hiyo nusu huchukua muda uleule siku zote. Wakemia huuita mwendo wa aina hii daraja la kwanza.

Amonia juu ya tungsteni haiko huru namna hiyo. Haivunjiki ikiwa inaelea katikati ya chupa; ni lazima ipate mahali pa kushika juu ya waya, na mahali hapo pana kikomo. Fikiria mashine ya kusaga ya kijijini siku ya mavuno. Mashine inasaga debe kadhaa kwa saa, basi. Foleni iwe ya magunia kumi au ya magunia mia, unga unaotoka kwa saa ni uleule. Mwenye kutaka kujua nusu ya foleni itakwisha lini hana haja ya kuijua mahindi. Anahitaji urefu wa foleni na kasi ya mashine. Foleni ikiwa fupi mara mbili, nusu yake itakwisha mapema mara mbili.

Huo ndio mwendo wa daraja sifuri. Neno sifuri hapa halina maana kwamba hakuna kinachotendeka. Maana yake ni kwamba kasi ya mmenyuko haitegemei hata kidogo wingi wa kinachovunjika. Tukiita kasi hiyo k na wingi wa mwanzo [A]₀, basi nusu ya wingi huo ni [A]₀/2, na muda wa kuimaliza ni nusu hiyo ikigawanywa kwa kasi:

t½ = [A]₀ / 2k

Tujaribu kanuni hii kwa namba tulizonazo. Nusu ya 265 ni 132.5, ilikwisha kwa dakika 7.6, kwa hiyo kasi ni milimita 17.4 kwa dakika. Nusu ya 130 ni 65; ilikwisha kwa dakika 3.7, kwa hiyo kasi ni 17.6. Nusu ya 58 ni 29, kwa dakika 1.7, kasi 17.1. Shinikizo la mwanzo limeshuka zaidi ya mara nne, na kasi imebaki palepale kwenye 17 na ushei. Tofauti ndogo iliyobaki haifai kutiliwa maanani, kwa sababu 1.7 yenyewe ni namba iliyokatwa: inaweza kuwa 1.65 au 1.74, na hiyo pekee inatosha kuisogeza kasi kutoka 16.7 hadi 17.6.

Tazama pia namna safari moja inavyokwenda hadi mwisho. Aliyeanza na 265 anafika 132.5 baada ya dakika 7.6. Nusu ya hicho kilichobaki itakwisha kwa dakika 3.8, inayofuata kwa dakika 1.9, na kadhalika, kila nusu-uhai ukiwa nusu ya uliotangulia. Zijumlishe zote na hazitapita dakika 15.2. Kwenye karatasi mwendo wa daraja la kwanza hauishi kamwe, kila mara kuna nusu ya nusu inayobaki. Huu wa sifuri una dakika ya kumaliza inayojulikana. Kwa nini nimesema kwenye karatasi, tutaona.

Kwanza lakini, mtu anapimaje amonia iliyofungiwa ndani ya chupa? Haichotwi. Kinachosomwa ni manomita, yaani shinikizo la gesi zote kwa pamoja, na hilo linapanda badala ya kushuka, kwa kuwa molekuli mbili zinazokufa zinazaa nne. Mwanzoni mwa jaribio letu manomita inasoma 265. Nusu ya amonia ikiisha, inabaki 132.5, naitrojeni ni 66 na robo, haidrojeni ni karibu 199. Jumla ni 397.5. Mwishoni kabisa inasoma 530, maradufu ya mwanzo. Hesabu imekuwa na wema fulani: kila milimita moja ya amonia inayopotea inaongeza milimita moja kwenye manomita, kwa hiyo anayeandika kupanda kwa zebaki ameandika kushuka kwa amonia. Mwanafunzi anayesahau jambo hili na kungoja shinikizo lishuke nusu atangoja hadi kesho.

Anayeheshimika kwa kueleza kwa nini uso wa metali unatenda hivi ni Mmarekani Irving Langmuir. Alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya General Electric kule Schenectady, na kazi aliyoikuta mezani ilikuwa ya globu: kwa nini waya wa tungsteni unachakaa, na gesi zilizobaki ndani ya globu zinafanya nini zinapougusa. Kutokana na kazi hiyo ya kiwandani alitoa wazo kwamba gesi hujishika juu ya metali kwa tabaka moja tu la molekuli, na kila molekuli inakalia nafasi yake. Nafasi zikijaa, zimejaa. Alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1932 kwa kemia ya nyuso. Katika miaka ya 1920 Cyril Hinshelwood wa Oxford, ambaye naye alipata Nobel mwaka 1956 pamoja na Nikolay Semyonov wa Urusi, alilitumia wazo hilo kupima mivunjiko ya gesi juu ya waya za moto, amonia juu ya tungsteni ikiwamo.

Wazo la Langmuir lina kanuni fupi. Tuite sehemu ya uso iliyokaliwa θ, shinikizo la gesi p, na nguvu ya gesi kuushika uso K:

θ = Kp / (1 + Kp)

Kasi ya kuvunjika inafuata θ, kwa sababu kinachovunjika ni kile kilichokwisha kushika. Sasa chukua mfano wa kujaribia, tuseme K ni 1 kwa kila milimita. Kwa shinikizo la 265, θ ni 265 kugawanywa kwa 266, yaani asilimia 99.6. Kwa 58 ni asilimia 98. Gesi imepungua sana, uso haujui. Lakini shuka hadi milimita 1 na uso umebaki nusu tupu. Shuka hadi sehemu ya kumi ya milimita na θ ni chini ya asilimia 10, tena inapungua sambamba na gesi yenyewe. Hapo mwendo umekwisha kugeuka kuwa daraja la kwanza. Kwa hiyo hakuna mmenyuko wa daraja sifuri unaobaki hivyo mpaka molekuli ya mwisho. Ile dakika ya 15.2 ni mahali mstari ulipokuwa ukielekea. Amonia halisi, inapokaribia kwisha, inapinda na kuburuza mkia.

Kinachonivutia zaidi katika kanuni hii ni kwamba inatoa njia ya kuona kama uso umejaa kweli, bila kuuona uso. Ukiifanyia hesabu hadi mwisho, nusu-uhai unatoka na vipande viwili: kimoja ni p₀/2k tunachokijua, na kingine ni kipande kisichobadilika, kinachokuwa kikubwa kadiri gesi inavyoushika uso kwa unyonge. Basi chora nusu-uhai dhidi ya shinikizo la mwanzo. Uso ukiwa umejaa, mstari utapita kwenye sifuri. Usipojaa, mstari utakata mhimili juu ya sifuri. Kwa namba zetu, kutoka 58 hadi 265 nusu-uhai umepanda kwa dakika 5.9 ndani ya milimita 207. Rudisha mstari huo nyuma hadi shinikizo la sifuri na unakata kwenye dakika 0.05, yaani sekunde 3, kiasi kinachomezwa na kukatwa kwa namba zenyewe. Kwa vipimo vitatu tu, vilivyofanywa kwa zebaki na saa, tumejua kwamba waya ulikuwa umefunikwa karibu wote muda wote wa kupima.

Vipimo hivyo havisemi, hata hivyo, nani ameufunika. Kanuni inajua kwamba nafasi zimejaa. Haijui kama zimejaa amonia nzima au vipande vyake, kwa mfano atomu za naitrojeni zilizokwisha kuachwa na haidrojeni zikingoja kuungana mbilimbili na kuondoka. Kwa saa na manomita hali zote mbili zinaonekana sawa. Kuzitofautisha kunahitaji vyombo vinavyoutazama uso wenyewe.

Tena k yetu ya 17.4 si tabia ya amonia. Ni ya waya huu, kwa joto hili, ndani ya chupa hii. Kata waya uwe nusu ya urefu wake, joto likibaki lilelile, na kasi itakuwa nusu, nusu-uhai maradufu. Mtu akikuambia nusu-uhai wa amonia juu ya tungsteni bila kutaja shinikizo la mwanzo na eneo la waya, amekupa namba isiyo na mwenyewe.

Mahali watu wanapoteleza zaidi ni kuamua daraja kwa jaribio moja tena fupi. Mwanzoni kila mmenyuko unaonekana kama mstari ulionyooka. Ukiufuata mpaka sehemu ya kumi tu ya gesi imevunjika, kasi ya daraja la kwanza nayo itakuwa imepungua kwa asilimia 10 tu, na macho hayataona kupinda. Inabidi uende mbele sana ya nusu, au urudie kwa shinikizo tofauti za mwanzo kama walivyofanya wenye namba zetu.

Hatari ya pili inatoka kwenye waya wenyewe. Haidrojeni inayozaliwa ni hodari wa kubeba joto kuliko amonia, kwa hiyo kadiri inavyoongezeka ndivyo inavyoupoza waya, na umeme usipoongezwa kasi itashuka. Anayetazama karatasi yake ataona mstari unapinda na kudhani ameona daraja la kwanza. Dawa ni kuufuatilia ukinzani wa umeme wa waya, ambao kwa tungsteni unapanda na joto, na kuushikilia pale pale muda wote. Uso pia unaweza kuchafuka na kupoteza nafasi zake. Kuna kipimo rahisi cha kuyabaini haya: linganisha kasi ya jaribio lililoanza na 265 pale linapopita 130, na kasi ya jaribio jipya lililoanza na 130. Zikilingana, mambo ni safi. Lile la kwanza likiwa polepole, basi ama waya umebadilika, ama mazao ya mmenyuko yanauingilia.

Mazao kuingilia si jambo la kufikirika. Amonia hiyohiyo juu ya waya wa platini inavunjika kwa kasi inayopungua kadiri haidrojeni inavyojaa, kwa sababu juu ya platini haidrojeni inashika kwa nguvu na kuinyima amonia nafasi. Gesi moja na metali mbili, tabia mbili. Na kuna mfano wa upande mwingine: haidrojeni iodaidi inavunjika kwa daraja sifuri juu ya dhahabu, lakini kwa daraja la kwanza juu ya platini, ambako uso unabaki na nafasi nyingi tupu.

Uso unaojaa hauhitaji kuwa wa metali. Ndani ya ini kuna kimeng'enya kinachoianza kazi ya kuivunja pombe, nacho kina nafasi zake zenye idadi. Pombe kidogo tu inatosha kuzijaza, kwa hiyo kwa mnywaji wa kawaida pombe inapungua kwenye damu kwa mstari ulionyooka: kiasi cha miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa, watu wakitofautiana kati ya 10 na 20, na walevi wa siku nyingi wakizidi hapo. Aliyelala saa sita usiku akiwa na miligramu 150, saa kumi na mbili asubuhi bado ana 60. Kutoka 150 hadi 75 alihitaji saa 5; kutoka 60 hadi 30 atahitaji 2. Sasa mtu achukue huo wa mwisho, aseme nusu-uhai wa pombe ni saa 2, kisha apige hesabu ya usiku mzima kwa kugawa nusu mara tatu: 150, 75, 37, 19. Atamkuta mwenzake mzima kwenye karatasi wakati yuko barabarani na miligramu 60 kichwani. Kahawa na kuoga maji baridi haviongezi nafasi kwenye kimeng'enya. Mstari unapinda tu pombe inapokuwa chache, kama tulivyoona kwa amonia.

Kinyang'anyiro cha nafasi tulichokiona juu ya platini nacho kipo hapa, na madaktari wanakitumia. Pombe haramu ikichanganywa na methanoli, methanoli yenyewe si sumu kali kama vile vinavyotokana nayo: kimeng'enya kilekile cha ini kinaianzisha kugeuka kuwa asidi ya fomiki, inayopofusha na kuua. Lakini kimeng'enya hicho kinaishika pombe ya kawaida kwa nguvu zaidi kuliko methanoli. Hospitalini, pasipokuwa na dawa mahususi iitwayo fomepizoli, mgonjwa anaweza kupewa ethanoli safi kwa vipimo, damu yake ishikiliwe kwenye miligramu 100 hivi katika mililita 100, ili nafasi zijae na methanoli ikose pa kushika huku ikitolewa mwilini kwa njia nyingine. Kwa kuwa ini linaiondoa ethanoli hiyo kwa kasi isiyobadilika, kipimo cha kuijaliza hakihesabiwi kwa nusu-uhai. Kinahesabiwa kwa saa: kilichotoka saa hii kinarudishwa, damu inapimwa tena, na mgonjwa akiwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, inayotoa methanoli na ethanoli kwa pamoja, kipimo kinaongezwa.